Kutuma pesa Kampala kwa simu: reti 26.75 na Benki Kuu inaonyesha 27.60. Pengo linaenda wapi?

Nyamakima_Nafaka
Habari zenu wadau. Nanunua maharagwe kwa mama mmoja aliye Kisenyi, Kampala. Wiki hii nahitaji kumtumia malipo ya awali ya KES 40,000, kisha KES 200,000 magunia yakishapakiwa. Leo asubuhi nimeuliza sehemu tatu, zote ndani ya nusu saa:

Simu: KES 1 inakuwa UGX 26.75, ada 250.
Kampuni ya kutuma pesa yenye dirisha hapa mjini: UGX 27.05, ada 1,000 kwa hiyo 40,000 na 2,500 kwa 200,000.
Benki yangu: UGX 27.20, ada 1,500 kwa kiasi chochote kati ya hivyo viwili.

Ada zote nimehesabu pamoja na ushuru. Ukurasa wa Benki Kuu ya Kenya leo unaonyesha 27.60. Simu ndiyo yenye ada ndogo kabisa, lakini reti yake ndiyo mbaya kuliko zote. Nitumie ipi, na kwa nini hakuna anayenipa 27.60?

Mwana_Malaba
Jibu ni rahisi. Chukua ile ya Benki Kuu, toa uliyopewa, kinachobaki wanatia mfukoni. Senti 85 kwa kila shilingi. Benki Kuu ikishatangaza reti, kila mtu angepaswa kuifuata. Panda basi hadi mpakani, madalali pale watakupa karibu na 27.50 bila ada.

HesabuMezani
Mwana_Malaba, kipimo chako ni sahihi ila maelezo yake yana kasoro. Ni kweli umbali kutoka reti ya kati ndio gharama iliyofichwa, na watu wengi hawaihesabu kabisa. Lakini Benki Kuu haitangazi reti ya kufuatwa. Ile namba ni wastani wa bei za mabenki makubwa, imewekwa kama mwongozo. Hakuna kaunta inayokuuzia kwa wastani, kwa sababu wastani uko katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza.

Sasa swali la Nyamakima. Acha kutazama ada peke yake, na acha kutazama reti peke yake. Weka hesabu moja tu:

```
bei halisi = UGX zinazofika / KES zinazotoka mfukoni
```

Kwa KES 40,000 kwenye simu, zinazofika ni 40,000 × 26.75 = UGX 1,070,000. Mfukoni mwako zimetoka 40,250. Gawanya, unapata 26.58. Hiyo ndiyo reti yako ya kweli.

Kwa kampuni yenye dirisha, zinafika 1,082,000 na zimetoka 41,000. Bei halisi ni 26.39.

Kwa benki, zinafika 1,088,000 na zimetoka 41,500. Bei halisi ni 26.22.

Umeona mpangilio umegeuka? Simu iliyokuwa na reti mbaya kuliko zote ndiyo inayoshinda kwa 40,000, kwa sababu ada ya benki, 1,500 juu ya 40,000, ni mzigo mkubwa. Sasa rudia kwa 200,000.

Simu: 5,350,000 kwa 200,250, yaani 26.72.
Dirisha: 5,410,000 kwa 202,500, yaani 26.72 pia, hazitofautiani hata kwa senti moja.
Benki: 5,440,000 kwa 201,500, yaani 27.00.

Hapa benki inashinda wazi. Ukilinganisha na simu, mama wa Kisenyi anapata UGX 90,000 zaidi, nawe umeongeza ada ya KES 1,250 tu, ambayo kwa reti ya kati ni kama UGX 34,500. Mmebaki na faida ya UGX 55,500, zaidi kidogo ya KES 2,000.

Nyamakima_Nafaka
Hii imenifungua macho. Kwa hiyo kuna kiasi fulani ambapo simu na benki zinalingana?

HesabuMezani
Kipo, na ukikijua hupotezi muda kuuliza kila mara. Chukua tofauti ya ada, 1,500 toa 250, ni 1,250. Chukua tofauti ya reti, 27.20 toa 26.75, ni 0.45, kisha igawe kwa reti ya kati 27.60. Unapata 0.0163, yaani kama asilimia 1.63. Gawanya 1,250 kwa 0.0163 na jibu ni karibu KES 76,700.

Chini ya hapo tuma kwa simu. Juu yake nenda benki. Lakini mpaka huo ni wa namba zako za leo. Simu ikikaza pengo hadi 27.00, tofauti ya reti inabaki 0.20 na mpaka unaruka hadi KES 172,500. Kwa hiyo shika njia ya kuhesabu, usishike namba.

BintiWaDonholm
Samahani, mbona mnasema 27.20 ni nzuri kuliko 26.75? Mimi nikinunua dola natafuta reti ndogo. Dola ya 129 ni nafuu kuliko ya 131. Si hapa pia ndogo ndiyo nafuu?

HesabuMezani
Dada, swali lako ni la maana sana kwa sababu ule ukurasa wenyewe unachanganya. Kwa dola, pauni na yuro, Benki Kuu inaandika shilingi ngapi za Kenya kwa kitengo kimoja cha kigeni. Kwa majirani zetu imegeuza, inaandika `KES / USHS`, `KES / TSHS`, maana yake shilingi ngapi za Uganda au Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya. Kwa hiyo ukituma Kampala au Arusha, namba kubwa ndiyo bora kwako. Ukinunua dola, namba ndogo ndiyo bora. Kabla ya kulinganisha jiulize tu: namba hii inahesabu pesa ninayotoa au pesa inayofika?

BintiWaDonholm
Asante, nimeelewa. Basi niulize na langu. Dada yangu yuko Qatar na ananitumia kila mwezi, inaingia M-Pesa. Niwaambie wa simu wanipe reti nzuri?

Dirisha_la_Tatu
Pesa ikitoka nje kuja M-Pesa, kwa kawaida reti huwa imeshakatwa kule kabla haijafika kwenye laini yako. Kampuni aliyotumia dada yako ndiyo imegeuza riali kuwa shilingi, na simu inapokea shilingi zilizokwisha hesabiwa. Huna wa kubembeleza hapa Nairobi. Mwambie yeye kule afungue programu mbili au tatu kwa wakati mmoja, aweke kiasi kilekile cha riali, asitazame maandishi ya ada sifuri, atazame KES zinazoandikwa kwamba utapokea. Anayekuletea nyingi zaidi ndiye nafuu. Ada sifuri maana yake ni kwamba malipo yao yamo ndani ya reti.

Turudi Kampala, kwa sababu kuna jambo la benki ambalo halijasemwa. Nyamakima, uliwauliza wanatuma kwa sarafu gani?

Nyamakima_Nafaka
Hapana. Walisema tu reti ni 27.20.

Dirisha_la_Tatu
Hapo ndipo watu wanaumia. Benki inaweza kukutumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni EAPS, mfumo wa malipo unaounganisha mifumo ya benki kuu za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Pesa inaondoka kama shilingi na inaingia akaunti ya shilingi za Uganda, bila kupitia benki ya tatu ng'ambo. Ya pili ni SWIFT ya kawaida kwa dola. Pesa yako inageuzwa dola Nairobi, inapitia benki ya kati ambayo mara nyingi iko New York, halafu benki ya Kampala inageuza dola kuwa shilingi za Uganda kwa bei yake ya kununua.

Kwa njia ya pili, hata ukitajiwa reti ya kuvutia ya dola, umeambiwa nusu tu ya habari. Nusu nyingine inaamuliwa Kampala na hakuna mtu hapa Nairobi anayeweza kukuhakikishia.

Kaunta ukiweka tu jina na akaunti ya Kampala, karani anaweza kuchagua dola kwa mazoea. Sema waziwazi: nataka itumwe kwa EAPS, kwa shilingi za Uganda, na kiasi cha kufika kiandikwe kwa UGX. Kisha hakikisha akaunti ya muuzaji ni ya shilingi za Uganda. Ikiwa ni ya dola, umefanya kazi bure, watageuza tena.

Mwana_Malaba
Bado sijajibiwa. Hiyo simu haipiti New York, ni laini kwa laini. Kwa nini ikate asilimia tatu?

HesabuMezani
Pesa haipiti New York lakini hesabu yake mara nyingi inapita kwenye dola. Hakuna soko kubwa ambapo mtu ananunua shilingi za Uganda moja kwa moja kwa shilingi za Kenya kwa wingi kila dakika. Anayetaka nyingi anapitia dola.

Fanya zoezi hili. Tuseme dola iko 129 Nairobi na 3,560 Kampala, zote za kati. Ukigawa 3,560 kwa 129 unapata 27.60. Sasa mtoa huduma anahesabu dola yako kwa 131, kwa kuwa wewe unainunua, na mshirika wake Kampala anaihesabu kwa 3,510, kwa kuwa yeye anaipokea. Ukigawa 3,510 kwa 131 unapata 26.79. Hakuna hatua iliyokata zaidi ya asilimia 1.6, lakini zikifuatana umefika karibu kabisa na hiyo 26.75 uliyotajiwa.

Halafu kuna floti. Muuzaji anapokea ndani ya dakika chache kwa sababu tayari kuna shilingi za Uganda zimewekwa Kampala zikisubiri. Mara nyingi katikati kuna kampuni ya kuunganisha mitandao, kama Onafriq iliyoitwa MFS Africa hadi 2023, ambayo inashika floti hiyo na kusawazisha baadaye. Pesa iliyolala Kampala ina gharama, na shilingi ikiyumba kabla ya kusawazisha, mwenye floti ndiye anapata hasara. Kinga ya hayo yote imo ndani ya reti. Sisemi pengo lote ni la haki. Nasema si lote faida.

Ndiyo maana pia ukituma Ijumaa usiku au Jumapili unaweza kukuta reti imelegea. Masoko yamefungwa na hakuna wa kusawazisha naye hadi Jumatatu.

Seremala_Gikomba
Hilo la wikendi silikubali kwa ujumla. Huduma nyingine zinaweka reti moja asubuhi na haibadiliki siku nzima, na Jumapili ni ileile ya Jumamosi. Wengine wanabadilisha kila dakika chache. Heri kuandika reti ya Alhamisi na ya Jumapili kwenye daftari kwa wiki nne kuliko kuamini kanuni.

HesabuMezani
Seremala, uko sawa kwamba inategemea mtoa huduma. Daftari ni jibu zuri. Andika reti yake na ya kati ya siku hiyohiyo, kisha linganisha pengo, wala si reti. Ukiangalia reti peke yake utadhani huduma imeboreka kumbe shilingi ndiyo imepata nguvu.

Seremala_Gikomba
Na kuna kitu kingine mmekiruka. Mmehesabu kinachofika kwenye simu ya mama wa Kisenyi. Je, atakitumiaje? Uganda kuna ushuru wa nusu asilimia kwa kila pesa inayotolewa taslimu kutoka kwenye simu. Ulianza Julai 2018 kwa asilimia moja na ukagusa karibu kila muamala, watu wakalalamika sana, baadaye mwaka huohuo ukashushwa hadi 0.5 na kubaki kwenye kutoa tu. Juu yake kuna ada ya wakala.

HesabuMezani
Umenikumbusha jambo ambalo lingeharibu jibu langu lote. Tuhesabu.

Kwenye simu zilifika UGX 1,070,000. Nusu asilimia ni 5,350. Ada ya kutoa kwa wakala tuseme 15,000, mwulize mama kiwango cha mtandao wake. Zinabaki mkononi 1,049,650. Gawanya kwa 40,250, bei halisi inashuka kutoka 26.58 hadi 26.08.

Sasa simu imekuwa ya mwisho. Benki ni 26.22 ikiwa benki ya Kampala haimkati, na kampuni yenye dirisha ni 26.39, kwa sababu inamkabidhi noti mkononi bila kupitia mfuko wa simu.

Kwa hiyo kwa hiyo 40,000, jibu liko Kisenyi wala haliko Nairobi. Mama akibakiza pesa kwenye simu na kumlipa mkulima au mwenye lori kwa simu hiyohiyo, hatozwi ushuru wa kutoa na simu inashinda, ingawa atalipa ada ya kutuma ya mtandao wake. Akitaka noti za kulipa wapakiaji, mtumie kwa dirisha. Muulize kabla hujabonyeza chochote.

Nyamakima_Nafaka
Nimempigia sasa hivi. Anasema ya kwanza anataka taslimu, kwa sababu wakulima wanaoleta mzigo wengi hawapokei kwa simu. Ya pili anaweza kupokea benki.

HesabuMezani
Basi ya kwanza dirishani, ya pili EAPS. Hakikisha jina utakaloandika linalingana herufi kwa herufi na kitambulisho cha mama, na kwamba lile tawi la Kampala lina noti za kutosha siku hiyo. Dirisha likikosa pesa atarudi kesho na wakulima hawatamngoja.

Mwana_Malaba
Na mimi nasisitiza mpakani. 27.50 bila ada ni bora kuliko zote mlizozitaja. Kwa 200,000 hiyo ni UGX 5,500,000.

Dirisha_la_Tatu
Kwa reti peke yake, kweli. Hebu weka na mengine kwenye hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili za kazi, na noti milioni tano na nusu unazotembea nazo hadi Kampala, au unampa mtu mwingine azipeleke. Dalali anayesimama barabarani hana leseni, kwa hiyo ukipewa noti bandia au bunda lililopunguka huna pa kulalamika, wala huna karatasi ya kuonyesha KRA kwamba ulilipia maharagwe. Kubadilisha fedha za kigeni kama biashara kunahitaji leseni ya Benki Kuu. Kuna biuro zenye leseni, na orodha yao iko kwenye tovuti ya Benki Kuu pamoja na ya kampuni za kutuma pesa. Ukiamua kupita mpakani, ingia kwenye biuro na udai risiti. Na jua kwamba taslimu inayofika thamani ya dola 10,000 lazima uitangaze kwa forodha.

Mwana_Malaba
Mwenye kwenda mpakani kwa shughuli zake hana nauli ya kuhesabu. Biuro nakubali, dalali nimeelewa.

BintiWaDonholm
Na nikituma kwa simu halafu nikosee namba, inakuwaje? Mwaka jana mtu wa nyumbani alikosea tarakimu moja ya Uganda, huduma ikamzungusha wiki tatu.

Seremala_Gikomba
Namba ya Uganda iandike kwa 256 kisha tarakimu tisa bila sifuri ya mwanzo. Zinazoanza 77, 78 na 76 kwa kawaida ni MTN, 70, 74 na 75 ni Airtel. Ukichagua mtandao usio wake, muamala kwa kawaida unakataa na pesa inarudi. Hatari ni tarakimu moja ya katikati. Hapo pesa inafika kwa mtu halisi, na mtandao wa kule kwa kawaida hauwezi kuivuta bila ridhaa yake au amri ya kisheria.

Kinga iko kwenye skrini ya kuthibitisha, kabla ya PIN. Pale kwa kawaida unaona reti, ada, kiasi cha UGX na mara nyingi jina la mpokeaji. Jina lisipoonekana au likiwa la mtu usiyemjua, toka. Hiyo skrini haikugharimu chochote, na ndiyo pia mahali pa kusoma reti kila siku bila kutuma.

HesabuMezani
Niongeze kwamba reti ya skrini hiyo inadumu muda mfupi. Ukiacha simu mezani ukaenda kunywa chai, ukirudi ianze upya. Na piga picha ya skrini. Ujumbe wa mwisho ukionyesha UGX pungufu ya zilizokuwa kwenye skrini, hiyo picha ndiyo ushahidi wako.

Kuhusu pesa zinazorudi, tofautisha. Muamala wa simu uliokataa kabla ya kumfikia mpokeaji kwa kawaida unarudisha KES zako kama zilivyo. Malipo ya benki yaliyofika Kampala yakakataliwa, mfano kwa akaunti iliyofungwa au jina lisilolingana, mara nyingi yanageuzwa upya kurudi KES kwa bei ya kununua. Unalipa pengo mara mbili, na ada juu. Kwa 200,000 hiyo ni maelfu kadhaa kwa kosa la herufi.

Nyamakima_Nafaka
Vipi nikigawanya hiyo 200,000 kwa simu mara tatu, nikae chini ya mpaka wa 76,700 kila mara?

HesabuMezani
Haisaidii, na ni kosa wanalofanya wengi. Ule mpaka unahusu ada ya benki ikilinganishwa na pengo la simu. Ukigawanya, pengo la asilimia tatu linabaki kwenye kila kipande na ada ya simu unailipa mara tatu. Kugawanya kunafaa tu pale kiwango cha juu kinakulazimisha. M-Pesa ya ndani iko KES 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku tangu 2023, lakini njia za nje zina viwango vyake kwa kila nchi, na mfuko wa simu wa mpokeaji nao una kiwango chake. Unaweza kuruhusiwa kutuma na yeye akakataliwa kupokea.

Nyamakima_Nafaka
*(siku nne baadaye)*
Narudi na matokeo. Ya kwanza nilituma dirishani Jumanne, mama alipokea noti UGX 1,082,000 kamili. Ya pili nilikwenda benki, nikasema EAPS kwa shilingi za Uganda kama mlivyoniambia. Karani alianza kwa dola, nikamwomba abadilishe, akabadilisha. Reti haikuwa imesogea, 27.20, ada 1,500. Zilitakiwa kufika 5,440,000. Mama anasema akaunti yake imeonyesha 5,420,000. Elfu ishirini zimekwenda wapi?

Mwana_Malaba
Si niliwaambia.

HesabuMezani
Hata kwa pungufu hiyo, 5,420,000 kwa 201,500 ni 26.90, bado juu ya 26.72 ya simu. Lakini pesa isipotee bila jina. Elfu ishirini kamili inaweza kuwa ada ya benki ya Kampala ya kupokea, au walitumia reti ya 27.10 badala ya 27.20, kwa sababu 200,000 × 0.10 nayo ni elfu ishirini kamili.

Dirisha_la_Tatu
Kesho rudi tawini uombe nakala ya ujumbe wa malipo, ile wanayoiita MT103 au jina lolote mfumo wao unatumia sasa. Kwenye nakala ya MT103 tazama sehemu nne:

```
33B  kiasi ulichoagiza
36   reti iliyotumika
32A  kiasi kilichotumwa
71A  nani analipa ada: OUR, SHA au BEN
```

Ikiwa 32A inasema UGX 5,440,000, Nairobi wametimiza ahadi yao na makato yamefanyika Kampala. Kisha soma 71A. Kama ni SHA, ulikubali ada zigawanywe na benki ya mama ina haki ya kukata yake. Kama ni OUR, ulishalipia pande zote na hizo elfu ishirini unazidai. Ikiwa 32A yenyewe ni 5,420,000, basi pungufu limetokea hapa Nairobi: tazama 36 kama reti ni 27.10, na kama ni 27.20, karani akuonyeshe mstari wa ada hiyo kwenye tarifa yao.

Nyamakima_Nafaka
Sikuulizwa OUR wala SHA. Karani alijaza mwenyewe.

Dirisha_la_Tatu
Basi karibu hakika ni SHA, ndiyo wanayojaza usipotamka. OUR inaweza kukuongezea ada hapa, kwa hiyo uliza kiasi chake kwanza. Ikizidi KES 725 kwa malipo kama hayo, acha SHA na umwongezee mama zile elfu ishirini mwenyewe.

Seremala_Gikomba
Na mwombe mama aulize benki yake kama hiyo elfu ishirini ni ya kudumu au inapanda na kiasi. Ikiwa ni ya kudumu, ile hesabu ya mpaka kati ya simu na benki lazima irudiwe, tofauti ya ada sasa si 1,250 tena.

HesabuMezani
Kweli. Ongeza 725 kwenye 1,250, unapata 1,975, gawanya kwa 0.0163. Mpaka unapanda hadi karibu KES 121,000, hapo mama akibakiza pesa kwenye simu. Akitoa taslimu, mpaka unashuka tena, na kwa hilo nahitaji ada kamili za wakala wake. Nyamakima, ukizipata ziweke hapa.